Fulana zitakuwa tayari lini? Maneno ya kumwambia mteja wa kikundi

Swali: "Nina duka la kuchapa fulana na mabango, tupo wawili tu, mimi na kijana wangu. Wateja wengi ni vikundi: timu, kwaya, kamati za sherehe. Wakiuliza bei nikiwatajia wananyamaza. Wanaoagiza nikiwaambia siku tano, siku ya nne wananipigia simu kwa hasira, na saizi zenyewe wameleta jana. Naomba uniandikie maneno ya kumwambia mteja tangu anapouliza bei mpaka anachukua mzigo, na suala la muda liwe wazi."

Tuanze na sentensi ya muda, maana ndiyo itakayobeba mazungumzo mengine yote. Ukisema "siku tano" ukaishia hapo, mteja anahesabu tangu dakika aliyokupigia simu, nawe unahesabu tangu ulipopata saizi. Kila mmoja ana haki kwa hesabu yake, kwa hiyo ugomvi hauna mwamuzi. Sentensi ya muda lazima itaje hesabu inaanzia wapi. Mimi ningeiandika hivi:

"Fulana zinachukua siku 5 za kazi. Hesabu inaanza tukishakuwa na vitu vinne kwa pamoja: orodha kamili ya saizi, nembo iliyo safi, dizaini mliyoikubali kwa maandishi, na malipo ya awali. Vikikamilika kabla ya saa sita mchana, siku hiyo ndiyo ya kwanza. Vikikamilika baada ya hapo, siku ya kwanza ni inayofuata. Siku ambazo hatufungui hazihesabiwi."

Haya maneno unayatuma mapema kabisa, kabla hata ya kuzungumzia rangi. Halafu, kitu cha nne kinapoingia mkononi mwako, unatuma ujumbe wa pili ambao wenye maduka wengi hawautumi, na kwa maoni yangu ndio unaozuia simu za hasira kuliko mwingine wowote:

"Katibu, tumekamilisha vitu vyote vinne leo saa nne asubuhi. Leo ndiyo siku ya kwanza. Mzigo wenu utakuwa tayari Jumatano tarehe 12, saa kumi jioni."

Kuanzia hapo neno "siku tano" lisitajwe tena. Kilichobaki ni tarehe, na tarehe haina tafsiri mbili. Kijana wako akipokea simu ukiwa umetoka, anasoma tarehe kwenye oda na kumjibu mteja ileile.

Sasa turudi nyuma kwenye ujumbe wa kwanza wa mteja, ule wa maneno mawili: "Fulana bei?" Ukijibu kwa namba moja, umempa kitu cha kulinganisha na duka la pili na la tatu, basi. Ukikataa kutaja bei mpaka ajibu maswali kumi, anahisi unamzungusha. Njia ya katikati ni kumpa bei ya ngazi mbili au tatu kufuatana na idadi, kisha umuulize mambo matatu tu, la kwanza likiwa tarehe ya kuvaa:

"Habari za leo, karibu sana. Fulana ya pamba iliyochapwa rangi moja upande mmoja ni [bei] kwa moja mkiwa kuanzia 20, na [bei] mkiwa kuanzia 50. Ili nikupe hesabu kamili leo hii, nijulishe mambo matatu: mtazivaa tarehe ngapi, mko wangapi, na mnataka kuchapwa mbele tu au mbele na nyuma?"

Tarehe inatangulia kwa sababu ndiyo inayoamua kama kazi inawezekana na kwa njia gani. Vilevile inabadilisha mazungumzo. Mteja aliyekuja akiwaza bei anaanza kuwaza siku yake, na hapo anagundua kwamba anachohitaji hasa ni mtu atakayemfikisha kwenye siku hiyo fulana zikiwa mkononi.

Akiuliza kwa nini watu 10 walipe zaidi kwa kila fulana kuliko watu 50, mweleze kazi ilivyo. Katika uchapaji wa skrini kila rangi inahitaji skrini yake. Unaipaka dawa, unaisubiri ikauke, unaipiga mwanga ukiwa umeweka filamu ya dizaini juu yake, unaiosha mpaka mchoro ufunguke, unaikausha tena, ndipo unaifunga kwenye meza na kuilinganisha na skrini nyingine. Shughuli hiyo ni ileile kwa fulana 10 na kwa fulana 100. Kwa hiyo gharama yake ikigawanywa kwa wachache, kila mmoja anabeba zaidi. Unaweza kumwambia kwa kifupi: "Maandalizi ya skrini ni yaleyale kwa idadi yoyote, ndiyo maana mkiwa wengi bei inashuka. Kwa watu 10 kuna njia nyingine isiyohitaji skrini, naweza kukupigia hesabu yake." Njia hiyo nyingine ni filamu ya DTF: dizaini inachapwa kwenye filamu, inanyunyiziwa unga wa gundi, kisha inabandikwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto. Haijali idadi ya rangi na haina maandalizi marefu, ila gharama ya kila kipande haishuki sana hata oda ikiwa kubwa.

Kabla hujamwahidi mtu yeyote siku tano, hakikisha wewe mwenyewe unajua zinakwenda wapi. Tuchukue oda moja tuifuate mpaka mwisho, na humo ndimo maneno mengine yatakapojitokeza.

Jumatatu tarehe 3 katibu wa kikundi anakuandikia. Wako 48, wanataka fulana za bluu iliyokoza, nembo ya nyeupe na njano mbele, maneno meupe mgongoni, pamoja na bango la mita 3 kwa 1.5. Sherehe yao ni Jumamosi tarehe 15. Duka lako linafunguliwa Jumatatu mpaka Jumamosi.

Kazi ya skrini hapa ni tatu: mbili za mbele na moja ya nyuma. Njano ikichapwa moja kwa moja juu ya bluu iliyokoza inafifia na kuonekana kama uchafu, kwa hiyo inawekewa nyeupe chini yake, na skrini ya nyeupe ya nembo inafanya kazi zote mbili. Hiyo ina maana kwamba mbele unachapa nyeupe, unaipasha moto kidogo ishike, kisha unachapa njano. Fulana moja inapita mikononi mwako mara tatu au zaidi kabla haijakamilika, na nyeupe juu ya kitambaa cheusi au cha bluu mara nyingi inahitaji kuvutwa mara mbili ili ifunike.

Ukizigawa siku zako tano, ya kwanza ni ya kununua fulana na kutoa filamu. Ya pili ni ya kutengeneza skrini na kuchapa jaribio kwenye kitambaa chakavu. Ya tatu unachapa mbele, ya nne unachapa nyuma na kuzipasha zote moto wa mwisho, ya tano unakagua, unahesabu na kufungasha. Ukiwa peke yako na hakuna kilichoharibika, kazi hii ingeweza kwisha siku tatu na nusu. Usiuze siku tatu na nusu. Umeme ukikatika nusu siku, au skrini moja ikaoshwa vibaya na mchoro ukang'oka, ile siku na nusu ndiyo inayokulinda.

Kuna sehemu moja ambayo kubanwa na muda huiharibu bila mtu kuona, nayo ni moto wa mwisho. Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa. Unahitaji kupata joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi kwa unene wake wote, ila uso wake unaonekana mkavu mapema zaidi. Mchapaji mwenye haraka anagusa, anaona haushiki kidole, anakunja na kukabidhi. Baada ya kufuliwa mara mbili nembo inapasuka na kubanduka. Ujaribu kwa kuivuta sehemu iliyochapwa: wino uliokomaa unanyumbulika na kurudi, ambao haujakomaa unapasuka. Kisha fua fulana moja ya jaribio kabla hujafungasha zilizobaki. Mteja anayekuambia "wewe ni wa kuchapa tu, unashindwaje leo?" hajui kuhusu hatua hii, na inafaa umwambie: "Naweza kukupa leo, lakini itatoka kwenye kufua. Nipe mpaka kesho saa nne uichukue ikiwa imekomaa."

Turudi kwa katibu wetu. Unahesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya sherehe. Usikubali mzigo uchukuliwe siku ya sherehe wala mkesha wake, kwa sababu daima kuna mtu atakayeona fulana yake inambana, au jina limekosewa. Acha siku mbili. Hivyo mzigo unatoka Jumatano tarehe 12, na siku tano za kazi kurudi nyuma kutoka hapo ni Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumamosi na Ijumaa. Siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 7. Unamjibu:

"Katibu, kwa sherehe ya Jumamosi tarehe 15 tunawahi vizuri. Fulana 48 na bango mtachukua Jumatano tarehe 12 saa kumi jioni, ili mbaki na siku mbili za kujaribisha. Ili nitimize hilo, nahitaji vitu vinne kabla hatujafunga Alhamisi tarehe 6: orodha ya saizi, nembo, dizaini mliyoikubali, na malipo ya awali ya asilimia 60. Vikija Ijumaa mchana au Jumamosi asubuhi, mtachukua Alhamisi tarehe 13. Vikija Jumamosi mchana, mtachukua Ijumaa tarehe 14 jioni na hamtakuwa na siku ya kujaribisha. Vikipita hapo sitaweza kuwahi kwa njia hii, itabidi tubadilishe."

Soma tena hiyo sehemu ya mwisho, maana ndipo penye uzito. Humtishi, wala humwambii "msichelewe" kama mwalimu wa darasa. Unamwonyesha kuchelewa kwao kunatua kwenye tarehe ipi, naye katibu anaweza kuuchukua ujumbe uleule na kuupeleka kwenye kundi la wenzake. Kumbuka kwamba huyu katibu hana mamlaka juu ya wanachama wake. Unampa silaha ya kuwasukuma. Na ukiangalia, umemwambia Alhamisi jioni wakati kwa kanuni yako hata Ijumaa kabla ya saa sita ungehesabu siku hiyo. Hiyo nusu siku ni ya kwako, usiitaje.

Asilimia ya malipo ya awali usiichague kwa kuiga jirani. Piga hesabu ya fulana tupu, wino, filamu na turubai la bango, uone ni sehemu gani ya bei yote. Malipo ya awali yasishuke chini ya hapo, kwa sababu fulana iliyoandikwa jina la kikundi kimoja haiuziki kwa mwingine. Ukiambiwa "tutalipa yote tukichukua", jibu bila kuona aibu: "Malipo ya awali ndiyo yanayonunua fulana zenu. Nikishayapata nakwenda kununua siku hiyohiyo, na salio mtalipa mkishaziona na kuzihesabu." Mtu anayekusudia kuagiza kweli hukubali. Anayekataa kabisa, mara nyingi kikundi chake hakijakubaliana, naye anapima tu.

Orodha ya saizi ndiyo inayochelewesha kuliko vyote, tena hapa wenye maduka huchangia tatizo. Wanamwambia katibu "niletee saizi" na kumwacha akahangaike. Watu hawajui saizi zao, kwa sababu M ya mtengenezaji huyu ni L ya yule. Mrahisishie. Pima upana wa kifua wa kila saizi uliyonayo, fulana ikiwa imelazwa mezani, kutoka kwapa hadi kwapa, kisha umtumie vipimo hivyo pamoja na maneno ya kubandika kwenye kundi lao:

"Ndugu wanakikundi, chukua fulana yako inayokukaa vizuri, ilaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa. Linganisha na vipimo hivi uchague saizi. Andika jina na saizi hapa kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Ambaye hatakuwa ameandika hataingia kwenye awamu hii."

Wengine hupendelea kumpa katibu fulana moja ya kila saizi wakajaribishe kwenye mkutano wao. Kikundi kikikutana kabla ya tarehe ya mwisho, hiyo ni bora kuliko kupima, ila waandikishe kwamba wamezichukua.

Tuseme Alhamisi inafika na orodha ina watu 41. Saba hawajaandika. Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mawili: wanasubiri wote, hivyo tarehe inasogea na lawama ni zao, au wanakubali kuongeza mmojammoja mpaka siku ya kufungasha. Njia iliyo salama ni kuanza kazi na kutaja mlango wa nyongeza unafungwa saa ngapi:

"Tumeanza na 41, tarehe yenu haijabadilika. Saba waliobaki wataingia kwenye mzigo huu nikipata saizi na malipo yao kabla ya Jumamosi saa sita mchana, kwa bei ileile. Baada ya hapo skrini zinaingia mezani Jumatatu, na Jumanne jioni zinaoshwa. Atakayekuja baadaye nitamchapia kwa njia ya filamu, bei ni [bei] na mwonekano unaweza kutofautiana kidogo."

Kwa nini Jumamosi mchana? Kwa sababu ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kununua fulana za nyongeza kabla ya kuchapa Jumatatu. Ukiweza, siku ile ya kwanza nunua mbili tatu zaidi katika saizi inayojirudia sana kwenye orodha. Fulana za bluu za mzigo mmoja wa kiwandani na za mzigo mwingine zinaweza kutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani ila inaonekana wakisimama mstari mmoja kupiga picha. Fulana hizo za ziada pia zinakuokoa ukiharibu moja kwenye meza, na siku haikosi.

Nembo nayo ina balaa lake. Katibu atakutumia picha kwa WhatsApp, aliyotumiwa na mwingine, aliyeipata kwa mwingine. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida mara nyingi inabanwa, upande wake mrefu ukabaki na pikseli kama 1,600. Iweke kifuani kwa upana wa sentimita 28 na utapata kama nukta 145 kwa inchi, ambapo kwa fulana tunatafuta 300. Iweke kwenye bango la mita 3 na inabaki na nukta zisizofika 14 kwa inchi, ilhali bango linapendeza kuanzia 100 hivi. Kwenye simu picha hiyohiyo ilionekana safi kabisa, ndiyo maana mteja hakuelewi. Mwombe hivi:

"Naomba faili halisi la nembo kutoka kwa aliyeichora, la PDF, AI au CDR. Likiwa ni picha tu, tafadhali litume kama dokumenti, lisipitie sehemu ya picha. Kama faili halipo, naweza kuichora upya kwa [bei], inachukua siku moja, na siku hiyo inatangulia kabla ya zile tano."

Usiichore upya bure ukiwa umejificha na hasira. Itaje, itoze, na uitaje kwenye muda. Wengi wakisikia siku inaongezeka, faili halisi linapatikana jioni hiyohiyo.

Kukubali dizaini, taka jina la mtu mmoja. Kamati ya watu sita ikipewa picha ya mfano, kila mmoja ana maoni, na maoni ya wa sita yanafuta ya wa kwanza. Unamwambia katibu: "Nani kati yenu ndiye wa kuniambia tumekubali? Nitapokea mabadiliko kutoka kwake tu. Mabadiliko mara mbili yako ndani ya bei." Kisha picha ya mfano iende pamoja na maneno yote yameandikwa upya kwenye ujumbe, ili wayasome nje ya urembo wa dizaini. Makosa ya herufi yanajificha kwenye herufi kubwa zenye mapambo. Ujumbe wa mwisho uwe hivi:

"Hii ndiyo itakayochapwa. Kagua tahajia ya majina, tarehe na siku yake, mahali, na rangi ya fulana. Rangi kwenye simu inaweza kupishana kidogo na ya kwenye kitambaa. Ukiridhika andika: NIMEKUBALI. Baada ya hapo kosa la maandishi litakuwa la kikundi, na kosa la uchapaji litakuwa langu."

Mgawanyo huo wa makosa unasikika mkali, lakini wateja wanauheshimu, kwa sababu nusu yake inakubana wewe. Na utekeleze nusu yako: nembo ikikaa upande, chapa nyingine bila kubishana.

Bango usilifunge pamoja na fulana kwenye kukubali. Maneno ya bango hubadilika mpaka dakika za mwisho: mgeni rasmi kabadilishwa, mdhamini kaongezeka, saa imesogezwa. Kazi yake pia ni fupi. Mashine inalichapa mita 3 kwa muda usiozidi saa moja au mbili, unaliacha wino utulie usiku kucha, asubuhi unakunja kingo na kupiga vipete vya chuma vya kupitishia kamba. Ukilikunja likiwa bado bichi, wino unagandana na upande wa nyuma na unapolikunjua unakuta mabaka. Kwa hiyo kwa katibu wetu: "Maneno ya bango nayafunga Jumatatu tarehe 10 saa sita mchana. Mpaka hapo mnaweza kubadilisha bila gharama. Litatoka pamoja na fulana Jumatano." Muulize pia litafungwa wapi. Bango la ndani ya ukumbi na la kuninginizwa nje kwenye upepo hayahitaji unene mmoja wala idadi moja ya vipete. Mimi nje naweka kimoja kila nusu mita, na kila pembe lazima iwe nacho.

Yupo na yule atakayekuja Alhamisi anataka fulana 30 Jumamosi. Usiseme ndiyo ukitumaini Mungu atasaidia, na usiseme hapana haraka. Mpe kinachowezekana kweli:

"Kwa Jumamosi siwezi kuchapa kwa skrini mbele na nyuma. Ninachoweza ni nembo moja kifuani kwa filamu, kwenye rangi za fulana nilizonazo dukani sasa hivi, ambazo ni nyeupe na nyeusi. Nikipata saizi, nembo na malipo yote leo kabla ya saa kumi, mtachukua kesho saa kumi na moja jioni. Bei ina nyongeza ya [asilimia] kwa kuwa tutafanya kazi usiku. Maneno ya mgongoni hayatawezekana."

Akisema sawa, umepata kazi. Akiondoka, umeokoa jina lako pamoja na oda ya katibu wetu, ambayo ndiyo ingesukumwa nyuma ili kumpisha huyu. Kikomo changu ni kutopokea kazi ya haraka siku ambayo meza tayari ina oda yenye tarehe iliyoahidiwa, hata nyongeza iwe nono kiasi gani.

Likitokea la kutokea upande wako, sema mapema ukiwa na tarehe mpya mkononi. Usimpigie mteja kumwambia kuna tatizo halafu ukasema utamjulisha. "Katibu, skrini moja imeharibika leo na natengeneza nyingine usiku huu. Badala ya Jumatano saa kumi jioni, mtachukua Alhamisi saa nne asubuhi. Bado mna siku nzima ya Ijumaa." Kwa zile siku mbili ulizoacha, ujumbe huu hauna madhara makubwa, alimradi uende Jumatatu au Jumanne.

Siku ya kuchukua, fungasha kwa saizi, si kwa mrundo, na juu ya kila furushi bandika idadi. Hesabuni pamoja mkiwa na orodha, akulipe salio lako kabla hajatoka mlangoni, na umwambie maneno ya kufikisha kwa wenzake: wageuze fulana nje ndani wanapofua, na wasipige pasi juu ya chapa. Jumla, kwa katibu huyu mmoja, umetuma jumbe kama tisa, na karibu zote unazo hapo juu. Ziingize kwenye sehemu ya majibu ya haraka ya WhatsApp Business, kila moja na kifupi chake, mfano `/bei`, `/muda`, `/saizi`, `/nembo`, `/kubali`, ili wewe na kijana wako mjibu sawa. Tarehe na majina ndivyo utakavyobadilisha kila mara; hakikisha ujumbe wa `/muda` hauendi na tarehe ya kikundi kilichopita.